Foleni ya Safaricom ilikuja soko likiwa limeshapita kilele

Kipimo cha hisa za kampuni 20 katika Soko la Hisa la Nairobi kilifika kilele Januari 2007, kikavuka pointi 6,000. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 2002, kilikuwa kikielea karibu na 1,000. Lakini foleni kubwa kuliko zote ambazo soko hilo lilikuwa limewahi kuziona, ile ya kuomba hisa za kampuni ya simu ya Safaricom, ilikuwa kati ya tarehe 28 Machi na 23 Aprili 2008. Kilele cha bei na kilele cha umati vilipishana kwa zaidi ya mwaka mzima. Wengi waliopanga foleni ile walidhani wanawahi.

Ninaandika juu ya kisa hiki kwa sababu nilikuwa Nairobi, nikiwa karani kijana katika ofisi moja ya udalali wa hisa, na fomu zile zilipita mikononi mwangu. Tangu hapo kila nikisikia watu wanakimbilia kitu kipya, iwe hisa, viwanja au sarafu za mtandaoni, najikuta nikiuliza maswali yaleyale ambayo fomu za 2008 zingeweza kuyajibu kama mtu angekaa akazisoma. Na Safaricom ni mfano mzuri kuliko visa vya ulaghai mtupu, maana kampuni yenyewe ilikuwa nzuri kweli. Haikuwa upatu. Ilikuwa na wateja, minara na faida, na miaka ya baadaye ikathibitisha hivyo. Kampuni nzuri inaweza kununuliwa kwa namna mbaya, na hilo ndilo gumu kulitambua mtu akiwa katikati ya shamrashamra.

Ili kuelewa homa ile, lazima turudi nyuma hadi Mei 2006. Serikali ya Kenya iliuza asilimia 30 ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, kwa shilingi 11.90 kila hisa. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara tatu. Siku ya kwanza ya biashara bei ilipanda hadi kukaribia shilingi 40. Aliyepata hisa asubuhi alikuwa ameongeza pesa yake zaidi ya mara tatu kabla hajala chakula cha mchana. Habari ile ilifika vijijini, makanisani, kwenye vyama vya akina mama, kila mahali. Na ilifika ikiwa fupi: nunua hisa za serikali siku ya toleo, uza siku ya kwanza sokoni.

Tuitazame vizuri sababu ya KenGen kuruka vile. Hisa zilizouzwa zilikuwa na thamani ya chini kidogo ya shilingi bilioni 8, na waliozitaka walikuwa na pesa mara tatu zaidi. Wale waliopunjwa katika ugavi walirudishiwa pesa zao, wakarudi sokoni kuzinunua hisa zilezile. Kwa hiyo siku ya kwanza kulikuwa na hisa chache na pesa nyingi mkononi zikitafuta hisa hizo. Mpangilio huo ndio uliopandisha bei, wala si siri yoyote iliyomo ndani ya mitambo ya Olkaria au Seven Forks. Watu wakakumbuka faida, mpangilio uliozaa faida hiyo wakausahau.

Baada ya KenGen yakafuata mengine. Eveready ilikuja mwishoni mwa 2006 kwa shilingi 9.50, na maombi yakafurika zaidi ya yale ya KenGen, ingawa kampuni yenyewe ilikuwa ya kutengeneza betri za tochi na redio katika nchi iliyokuwa ikianza kuingiza betri za bei rahisi na kuhamia simu za mkononi. Miaka iliyofuata hisa zile zilishuka hadi shilingi chache tu. Kenya Re ikaja 2007. Kila toleo lilileta watu wapya waliofungua akaunti za CDS, yaani akaunti za kuwekea hisa, kwa mara ya kwanza. Wakati huohuo soko kwa jumla lilikuwa limeshaanza kushuka taratibu kutoka kilele cha Januari 2007, jambo ambalo katika ofisi yetu lilionekana kwenye ubao wa bei kila siku lakini halikuzungumzwa foleni ilipokuwa ndefu. Mtu anayeomba hisa za toleo jipya hatazami bei za hisa za zamani. Anatazama hadithi ya toleo lililopita.

Ndipo ikaja Safaricom. Serikali ilitoa hisa bilioni 10, yaani robo ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja. Ombi dogo kabisa lilikuwa la hisa 2,000, sawa na shilingi 10,000. Jumla iliyotafutwa ni shilingi bilioni 50, zaidi ya mara sita ya zile za KenGen.

Kazi yangu ilikuwa kuzikagua fomu kabla hazijapelekwa: namba ya CDS, idadi ya hisa, na namba ya akaunti ya benki ambamo pesa za ziada zingerudishwa. Wiki ya mwisho nilianza kuona mabadiliko. Siku za mwanzo watu walileta hundi za benki kutoka akaunti zao wenyewe. Kufikia katikati ya Aprili, fomu nyingi zilikuwa zimebanwa pamoja na barua ya benki inayosema pesa ni za mkopo, na kwamba marejesho yalipwe benki moja kwa moja. Mikopo ile ilikuwa ikitangazwa wazi, kwenye mabango na redioni: leta kidogo, tutakuongezea.

Mama mmoja wa makamo aliniletea fomu ya hisa 20,000. Nikamuuliza kama ni akiba.

"Nyingine ni ya chama, mwanangu, na nyingine nimekopa," akasema. "Nitarudisha mwezi wa sita."

"Na mwezi wa sita utazirudisha na nini, mama?"

"Si nitauza."

"Utamuuzia nani?"

Alinitazama kana kwamba sikuwa nimeamka vizuri. "Kwani hujaona watu walivyo wengi huko nje?"

Niligonga muhuri, maana kazi yangu ilikuwa kuhakiki namba na hakuna kilichokuwa na kosa. Lakini jibu lake limebaki kwangu kwa sababu lilieleza soko lote. Watu wote wale waliokuwa nje walikuwa na mpango mmoja na yeye. Walipanga kununua siku moja na kuuza siku moja. Aliwahesabu kama wanunuzi wake wa Juni, kumbe walikuwa wauzaji wenzake.

Nadhani hiyo ndiyo alama ya kwanza ya soko lililopagawa, na inaonekana mapema kuliko bei. Uliza kila mtu unayemjua aliyeingia: unanunua ukae nacho, au ununue uuze? Na kama ni kuuza, mnunuzi atatoka wapi? Jibu likiwa "watu wengine watakuja," basi bei ya leo imesimama juu ya watu ambao hawajafika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika masoko ya namna hii, mwenyeji ni yule aliyenunua zamani kwa bei ya chini, na anaponea kwa pesa ya mgeni.

Hesabu ya mkopo inafaa tuifanye kwa ukamilifu, maana mtego mwenyewe umo humo na si rahisi kuuona. Tuchukue mtu aliyeomba hisa 20,000, shilingi 100,000, zote za mkopo wa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Riba yake ni shilingi 1,250 kwa mwezi. Tangu alipolipa hadi aliporudishiwa pesa za ziada, tuseme ilipita miezi miwili na nusu. Riba inafika shilingi 3,125.

Kama angepata hisa zote 20,000, riba hiyo ingegawanywa kwa hisa 20,000, na kila hisa ingebeba senti 16 hivi. Si mzigo mkubwa. Lakini maombi ya toleo zima yalizidi hisa mara tano na zaidi, na wawekezaji wadogo wa ndani waligawiwa takriban asilimia 21 ya walichoomba. Mtu wetu akapata hisa 4,200. Riba ilikuwa ileile, kwa sababu alikopa 100,000 nzima na pesa hiyo ilikaa kwa wenye toleo muda wote ule. Sasa kila hisa inabeba senti 74. Hisa aliyodhani ameinunua kwa shilingi 5 imemgharimu shilingi 5.74, na hapo hajamlipa dalali. Ukiongeza ada za kuuza, ambazo kwa miamala midogo zilikuwa kama asilimia 2.1, anahitaji bei ifike shilingi 5.87 ndipo atoke bila hasara wala faida.

Umati wenyewe ndio uliompandishia bei. Kila mtu aliyejiunga na foleni nyuma yake alipunguza hisa atakazopata, na riba yake ikabaki ileile ikigawanywa kwa hisa chache zaidi. Kwa aliyetumia pesa zake mwenyewe, kupunjwa ni usumbufu tu: pesa inarudi, maisha yanaendelea. Kwa aliyekopa, kupunjwa ni gharama. Na kadiri jambo linavyosifiwa zaidi ndivyo linavyomgharimu zaidi, kinyume kabisa na alivyodhani alipoona foleni ndefu akafurahi.

Tarehe 9 Juni 2008 hisa zilianza kuuzwa sokoni. Bei ilipanda, ikapita shilingi 7 katika siku za mwanzo. Mtu wetu akiuza hisa zake 4,200 kwa shilingi 7, anapata 29,400. Ukitoa ada ya shilingi 617 na deni lake la 24,125, yaani hisa za 21,000 pamoja na riba, anabaki na faida ya shilingi 4,658. Kwa ombi la 100,000 na wiki nyingi za wasiwasi, ni faida ndogo, lakini ni faida. Wengi hawakuuza. KenGen ilikuwa imepanda zaidi ya mara tatu, kwa nini waiache Safaricom iliyopanda nusu tu? Wengine walitaka kuuza ila hisa zao hazikuwa zimeingia vizuri kwenye akaunti, au dalali alikuwa amezidiwa na kazi.

Kisha wauzaji wakakutana. Hisa bilioni 10 zilikuwa zimetawanyika mikononi mwa waombaji zaidi ya 860,000, wengi wao wakiwa na madeni yanayokomaa karibu wakati mmoja. Mpangilio wa KenGen ulikuwa umegeuka juu chini: safari hii hisa zilikuwa nyingi, na pesa ya kuzinunua ilikuwa bado inarudishwa au imeshachukuliwa na benki kulipa mikopo. Halafu mwaka ule ukaendelea kuharibika. Msukosuko wa mabenki Marekani na Ulaya ulipopamba moto mwezi wa tisa, wawekezaji wa kigeni wakatoa pesa zao katika masoko madogo kama Nairobi. Kufikia mwanzoni mwa 2009 hisa ya Safaricom ilikuwa chini ya shilingi 3, na kipimo cha kampuni 20 kilikuwa chini ya 2,500.

Haki itendeke: msukosuko wa dunia haukusababishwa na foleni ya Nairobi, na hakuna aliyekaa kwenye foleni mwezi wa nne aliyepaswa kuujua. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mwenye hisa asiye na deni na mwenye hisa mwenye deni pale jambo lisilotarajiwa linapotokea. Wa kwanza anaumia kwa macho. Wa pili anaamriwa auze. Kwa shilingi 3, hisa 4,200 zinaleta kama 12,335 baada ya ada, na deni ni 24,125 ambalo limeendelea kukua. Soko linalobebwa na mikopo halihitaji habari mbaya sana ili lianguke. Linahitaji tu bei isimame kupanda kwa miezi michache, kwa sababu riba haisimami.

Je, bei yenyewe ingetuonya? Watu hupenda kusema kwamba ukijua kusoma hesabu za kampuni utaona hatari. Kwa Safaricom sikubaliani nao kabisa. Mwaka ulioishia Machi 2008 kampuni ilipata faida ya karibu shilingi bilioni 14 baada ya kodi. Hisa zote zilikuwa bilioni 40, hivyo kila hisa ilikuwa na faida ya kama senti 35. Kwa bei ya shilingi 5, unalipa faida ya miaka 14 hivi. Ukigeuza hesabu hiyo, ni sawa na asilimia 7 kwa mwaka, wakati hati za Hazina za siku 91 zilitoa kati ya asilimia 7 na 8 bila wasiwasi wowote. Kwa kampuni inayokua, bei hiyo haikuwa ya wazimu. Kwa shilingi 7.50 unalipa faida ya miaka zaidi ya 21, na hapo mtu makini angeanza kukunja uso, lakini hata hapo mwenye imani angeweza kujitetea.

Hesabu hiyo inakuambia kitu kingine, ambacho kina manufaa zaidi. Inakuambia mapato yako yatakuwa kiasi gani ukikosa wa kumuuzia. Mwaka uliofuata faida ilishuka hadi bilioni 10.5, na gawio lilikuwa senti 10 kwa hisa. Aliyenunua kwa shilingi 5 alipata asilimia 2. Aliyekopa kwa asilimia 15 ili apate asilimia 2 hakuwa na njia nyingine ya kupona isipokuwa bei ipande, na ipande haraka. Ukiona kwamba mapato ya kitu chenyewe, iwe gawio, kodi ya nyumba au mavuno, hayafiki hata nusu ya riba ya pesa iliyokinunua, na watu bado wanakinunua kwa mkopo, umeshaona kiputo, yaani bei iliyovimba kupita kiasi, bila kuhitaji kubishana juu ya thamani halisi ni ipi. Hesabu hii inafanyika nyuma ya bahasha, na inafanya kazi kwa kiwanja cha pembezoni mwa mji kama inavyofanya kwa hisa.

Kuna vitu visivyo na mapato kabisa, na huko inabidi umtafute mlaji wa mwisho. Mwaka 2013 na mwanzoni mwa 2014 Wakenya walikimbilia kufuga kware, kila mtu akitafuta leseni ya Shirika la Huduma za Wanyamapori na mayai ya kutotolesha. Yai dogo lile liliuzwa kwa bei ya mayai kadhaa ya kuku. Swali lilikuwa nani analila. Ungeuliza kwa makini ungekuta wanunuzi wakubwa wa mayai na ndege walikuwa wafugaji wapya wanaotaka kuanza. Walaji walikuwepo, lakini wachache. Wafugaji wapya walipokwisha, mayai yakakosa pa kwenda na bei ikaanguka ndani ya miezi michache.

Sasa, ugumu wa mtu mwangalifu ni kwamba kuona kiputo hakukuambii kitapasuka lini. Mwishoni mwa 2005 kipimo cha Nairobi kilikuwa karibu na 4,000, kimepanda karibu mara nne tangu pale kilipokuwa 2002, na mtu mwenye busara angeweza kusema hapa pamezidi, akatoka. Mwaka mmoja tu baadaye kingekuwa kimepanda tena kwa theluthi na zaidi, KenGen ikiwa imetajirisha majirani zake wote. Mwaka ule ungekuwa mgumu sana kwake, kwenye harusi, kwenye matanga, kila mahali ambapo mtu anaulizwa "wewe ulipata ngapi?" Machi 2009 kipimo kilikuwa chini sana ya pale alipotoka. Alikuwa sahihi, lakini ilichukua miaka mitatu kuonekana hivyo, na watu wengi hawawezi kukaa nje miaka mitatu wakitazama. Wengi wanaoingia mwishoni kabisa ni watu waliokuwa waangalifu mwanzoni, kisha wakachoka.

Kwa sababu hiyo simshauri mtu mwangalifu ajaribu kubahatisha siku ya kilele. Namshauri apange kiasi na muda, vitu ambavyo viko mikononi mwake. Kama moyo hautulii kwa kukaa nje kabisa, basi ombi la chini la shilingi 10,000 kutoka akiba yake mwenyewe lingetosha. Kwa ugavi wa asilimia 21 angepata hisa 420 za shilingi 2,100 na kurudishiwa 7,900. Hata bei ikishuka kwa nusu amepoteza elfu moja. Amekuwa mmoja wao, ana la kusema matangani, na karo ya watoto ipo palepale. Mimi naona hii ni njia ya heshima kabisa ya kukabiliana na tamaa, kwa sababu anayejinyima kila kitu ndiye anayekuja kuvunja mwiko kwa kishindo siku ya mwisho.

Jambo la pili ni kuandika tarehe. Kabla ya kununua, andika lini utaihitaji pesa hii. Mama yule angeandika "Juni 2008." Hisa ya Safaricom ilizunguka kwa miaka, ikapanda juu ya 5 kidogo mwaka 2010, ikarudi chini, na ni 2013 ndipo ilipoiacha shilingi 5 nyuma kabisa. Miaka mitano. Mwaka 2021 ilipita shilingi 40. Kwa hiyo pesa ya miaka kumi ingefanya vizuri sana hata kwa mtu aliyepanga foleni ile ya Aprili, mradi haikuwa ya mkopo. Pesa ya miezi miwili haikuwa na nafasi pale. Hisa ni ileile, bei ya kuingia ni ileile, kilichotofautisha waliopona na walioumia ni tarehe iliyoandikwa kwenye pesa yao.

La tatu ni kungoja kwa makusudi. Toleo la hisa lina siku ya mwisho, na siku hiyo ya mwisho ndiyo inayowafanya watu waharakishe, lakini hisa zikishaorodheshwa zinauzwa kila siku ya kazi. Anayengoja mwaka mmoja baada ya toleo anapoteza faida ya siku ya kwanza kama ipo, na hiyo ni gharama halisi, nisiifiche. Kwa KenGen ilikuwa kubwa. Anachopata ni hesabu za kampuni zilizokaguliwa baada ya toleo, gawio la kwanza, na soko ambalo wenye madeni wameshatoka. Aliyefanya hivyo kwa Safaricom alinunua mwaka 2009 kwa chini ya shilingi 4 bila foleni yoyote. Asingejua kama bei imefika chini kabisa, kwa hiyo angefanya vyema kununua kidogo kidogo kwa miezi kadhaa badala ya siku moja.

Utajuaje kwamba homa imeshuka? Bei peke yake haitoshi, maana bei iliyoshuka inaweza kushuka tena. Mimi hutazama jinsi watu wanavyopokea toleo linalofuata. Mwishoni mwa 2008 Benki ya Ushirika ilitoa hisa zake kwa umma kwa shilingi 9.50. Ni benki ya miaka mingi, yenye vyama vya ushirika kama wamiliki wake, inayojulikana na mkulima wa kahawa na mwalimu wa shule ya msingi. Toleo lile halikujaa. Miezi saba tu ilikuwa imepita tangu watu walale karibu na milango ya ofisi zetu ili wawahi namba. Karani aliyekuwa amekaa kiti changu aliniambia alikuwa akimaliza fomu za siku kabla ya saa sita. Benki ile iliendelea kufanya biashara yake, ikalipa magawio mwaka baada ya mwaka, na walioomba walipata hisa walizoziomba bila kupunjwa.

Kuna kundi moja ambalo sijaligusa, nalo ni la wale ambao tayari wameshaingia kwa mkopo na bei bado iko juu. Kwao swali la kama bei itapanda zaidi lisubiri. Kazi ya kwanza ni kuliondoa deni. Mtu wetu mwenye hisa 4,200, bei ikiwa shilingi 7, akiuza hisa 3,600 anapata 24,671 baada ya ada. Deni lake la 24,125 limekwisha, na bado ana hisa 600 ambazo hakuna benki inayoweza kumwamuru aziuze. Mwezi ule wa Juni 2008 hisa 600 zingeonekana si kitu, majirani wakiwa na maelfu. Bei ilipofika shilingi 40 mwaka 2021, hisa hizo zilikuwa na thamani ya 24,000, mbali na magawio aliyokuwa akipokea kila mwaka.